Macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi: jinsi ya kumuuguza mtu mzima anayeshukiwa homa ya ini

Wagonjwa wa aina hii nawapokea mara kwa mara, na karibu wote hufika wamechelewa siku tano au sita. Siku hizo hawakuzikaa bure. Wamemeza mseto bila kupimwa malaria, wamekunywa panadol asubuhi na jioni, shangazi ameleta kikombe cha mshubiri, na jirani ameapa kwamba miwa inaosha ini. Wengi wao virusi peke yake vingewaacha wapone. Kinachowalaza wodini ni vile walivyoongezewa juu ya ini lililokwisha kuchoka.

Mwongozo huu ni wa wewe unayeishi na mgonjwa. Nitakwenda nao pamoja na kisa cha fundi magari mmoja wa Tanga, miaka 34. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huambukizwa na mbu na ina chanjo yake ya wasafiri. Hapa tunazungumzia ini lililovimba, mara nyingi kwa virusi vya A, B, C au E, na wakati mwingine kwa dawa, pombe au sumu ya chakula.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Glasi au chupa safi inayopenyesha mwanga, ya kutazamia mkojo.
- Daftari na kalamu. Usidharau hivi viwili, utaona kazi yake.
- Kipimajoto.
- Mfuko mmoja wa kuwekea dawa zote alizotumia mwezi huu, pamoja na za kienyeji.
- Sabuni, ndoo yenye koki, na maji yaliyochemshwa.
- Namba ya simu ya mwenye bajaji au gari anayekubali kuamshwa saa nane usiku.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni manjano kweli

Mtoe mgonjwa nje kwenye mwanga wa mchana. Taa ya umeme, hasa ile ya njano, inadanganya. Mwambie atazame chini, kisha inua kope la juu kwa kidole kilichooshwa na uangalie sehemu nyeupe ya jicho iliyokuwa imefunikwa.

Wengi wetu tuna rangi ya kahawia au mabaka kwenye pembe za macho tangu zamani, na hayo si ugonjwa. Manjano ya kweli husambaa sawasawa hadi pale juu chini ya kope. Tazama pia chini ya ulimi. Mtu aliyekula mapapai au karoti nyingi viganja vinaweza kubadilika rangi, lakini macho yake hubaki meupe.

Sasa mkojo. Mpe glasi mbili za maji, kisha baada ya saa mbili au tatu akojoe kwenye chupa. Mkojo uliokolea kwa sababu ya kiu utapauka. Ule wenye nyongo hubaki mweusi kama chai ya rangi, na ukiutikisa povu lake huwa la njano. Mara nyingi mkojo hutangulia macho kwa siku kadhaa, kwa hiyo huyu ndiye shahidi wako wa mapema.

Tahadhari moja: anayemeza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hukojoa rangi ya chungwa, na hilo ni la kawaida. Lakini akiwa na macho ya manjano, au mkojo umekuwa kama chai, aende kliniki yake siku hiyohiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Dawa za kifua kikuu zenyewe zinaweza kuumiza ini.

Fundi wetu mkojo ulibadilika siku ya nne. Alidhani ni jua la gereji. Mkewe aliyaona macho siku ya sita, mezani, na alichokiona kabla ya hapo ni kwamba mumewe ameacha sigara bila kuombwa. Hili ni jambo la zamani katika tiba: mvutaji anapopata homa ya ini, moshi humchefua kabla hata chakula hakijamchefua.

## Hatua ya 2: Tenga wa kwenda hospitali sasa hivi

Mtu mzima yeyote mwenye manjano aonwe na mtabibu ndani ya siku moja au mbili. Wafuatao wasisubiri hata asubuhi:

- Aliyechanganyikiwa, anayesema ovyo, mwenye hasira zisizo zake, au anayelala mchana kutwa na kukesha usiku.
- Anayetoka damu puani au kwenye fizi, anayetapika damu, au mwenye choo cheusi kama lami.
- Anayetapika hata maji.
- Mwenye homa kali na kutetemeka pamoja na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu.
- Mjamzito, wa mimba ya umri wowote.
- Aliyekunywa dawa nyingi kwa makusudi au kwa makosa.

Homa naomba uielewe vizuri. Kwenye homa ya ini ya virusi, joto huja mwanzoni na kwa kawaida hushuka macho yanapoanza kuwa manjano. Joto likibaki juu huku macho ni manjano, fikiria jambo jingine: malaria kali, njia ya nyongo iliyoziba na kuoza, au bakteria kwenye damu. Hayo yana dawa, na hayasubiri.

Mjamzito nimemtaja peke yake kwa sababu ya virusi vya E, ambavyo husambaa kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Vilisumbua Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007, na kambi za Dadaab mwaka 2012. Mtu mwingine huviugua akapona, lakini mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwisho anaweza kufa kwa siku chache.

Kama watu kadhaa wa nyumba moja wamepata manjano kwa pamoja baada ya kula mahindi ya ghala moja, chukua na kiasi cha mahindi hayo uende nayo. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafa. Wengi mwanzoni walionekana kama wenye homa ya ini ya kawaida.

## Hatua ya 3: Mwaga dawa zote mezani na uhesabu

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ini ndilo linalovunjavunja karibu kila dawa unayomeza. Likivimba, dawa iliyokuwa salama mwezi jana inakaa mwilini muda mrefu, au inageuka sumu. Andika kila kitu: jina, idadi ya vidonge, mara ngapi kwa siku, tangu lini.

Fundi wetu alisema ametumia "panadol tu". Tulipomwaga mfuko tuliona hivi. Panadol, ambayo ndiyo parasetamoli, vidonge viwili mara tatu kwa siku, kila kidonge miligramu 500, jumla gramu 3. Dawa ya mafua ya vidonge, kimoja mara tatu, na kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 ndani yake, jumla gramu 1.5. Ukijumlisha ni gramu 4.5 kila siku. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4. Yeye alikuwa hali, anatapika, na ini lake limewaka. Hakujua kwamba dawa ya mafua ina panadol ndani. Soma boksi, tafuta neno parasetamoli, jumlisha.

Acha leo, bila kusubiri daktari: parasetamoli na dawa za mafua, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia, kwa sababu ini lililochoka halitengenezi vizuri vitu vya kugandisha damu, na dawa hizi huongeza kutoka damu na kuumiza figo, vidonge vya fangasi vya ketokonazo, antibiotiki ulizonunua mwenyewe, hasa zile za amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki, ambazo zenyewe huweza kuleta manjano, vidonge vya kuongeza mwili na vya madini ya chuma, na dawa zote za mitishamba.

Acha dawa za usingizi na piriton. Watu humpa mgonjwa piriton akijikuna, maana nyongo kwenye ngozi huwasha sana. Tatizo ni kwamba inamlaza, nawe hutajua kama amelala kwa dawa au ini limeshindwa na ubongo unazimika. Mwogeshe maji ya baridi kidogo, mkate kucha, mpake mafuta yasiyo na manukato, mvalishe pamba.

Usiache mwenyewe: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, insulini, dawa za kifafa, za moyo na za presha. Nenda nazo siku hiyohiyo uulize. Anayetumia tenofovia, mojawapo ya dawa za UKIMWI, na ana virusi vya B, akiikatiza ghafla virusi vinaweza kulipuka na ini likaharibika zaidi.

Je, akiwa na homa au kichwa kinauma? Anza na kitambaa cha maji. Mtabibu akikubali panadol, wengi wetu tunaruhusu kidonge kimoja cha miligramu 500, kisirudiwe kabla ya saa sita kupita, na visizidi vinne kwa saa 24. Mnywaji wa pombe au aliyekonda sana asipewe hata hicho bila kuulizwa.

Mshubiri, mwarobaini na mchanganyiko wa chupa usio na jina: najua mtakasirika. Bibi yangu naye alikuwa na chungu chake. Lakini mshubiri wa kunywa umekwisha kujulikana kuumiza maini ya watu wazima wenye afya, na ile chupa isiyo na jina hakuna ajuaye kilichomo wala kipimo chake. Mzee akileta dawa, mpokee kwa heshima, mwambie daktari ameomba tusubiri vipimo. Hakuna ugomvi.

## Hatua ya 4: Vipimo vya kuomba na jinsi ya kuvisoma

Nenda asubuhi, na mfuko wa dawa mkononi. Vya msingi ni kipimo cha malaria, mkojo, picha nzima ya damu, sukari, ALT na AST za kuonyesha ini limeumia kiasi gani, bilirubini yaani rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, kasi ya damu kuganda yaani INR, HBsAg ya virusi vya B, virusi vya C na VVU. Penye uwezo huongezwa IgM, yaani kipimo cha maambukizi mapya, za A na E, na altrasaundi kama kuna maumivu au choo kimepauka kama udongo mweupe.

Fundi majibu yake yalikuwa: malaria hakuna, ALT 1,840 wakati kawaida ni chini ya 40 hivi, bilirubini 142 wakati kawaida haizidi kama 21, INR 1.3, HBsAg chanya.

Ndugu zake walishtukia ile 1,840. Mimi niliitazama INR. ALT inakuambia chembe ngapi za ini zimepasuka. INR inakuambia zilizobaki zinafanya kazi kiasi gani. ALT ikishuka huku bilirubini na INR zinapanda, si nafuu hiyo: huenda hakuna chembe zaidi za kupasuka. INR ikifika 1.5 mgonjwa hulazwa, na ikiambatana na kuchanganyikiwa ni dharura kubwa.

HBsAg chanya nayo ina mtego wake. Huku kwetu wengi waliambukizwa B utotoni bila kujua, kwa hiyo jibu hilo peke yake halithibitishi kwamba B ndiyo iliyoleta manjano ya leo. Inawezekana ni mbebaji wa siku nyingi aliyeumizwa sasa na dawa au virusi vya E. Kuna kipimo cha kutenganisha, lakini maabara nyingi za wilaya hazina. Ndiyo maana ufuatiliaji wa miezi sita haukwepeki.

## Hatua ya 5: Vinywaji

Pombe yote iondoke nyumbani: bia, gongo, mnazi, mbege, hata ile ndogo "ya kufungua hamu ya kula". Iendelee kuwa mbali mpaka vipimo vya ini virudi kawaida, na wengi wetu tunaongeza miezi kadhaa juu yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo viache pia.

Miwa ni sukari na maji. Haioshi ini. Haina ubaya ikikamuliwa nyumbani kwa mikono safi, ila ya barabarani, yenye barafu isiyojulikana ilikotoka, inaweza kumwongezea virusi vingine. Glukosi ya unga nayo haitibu. Inasaidia tu asiyeweza kula. Dripu kwa anayeweza kunywa ni hela ya bure.

Mpe maji yaliyochemka na kupoa, madafu, uji mwembamba, juisi ya nyumbani, chai nyepesi. Glasi ndogo kila saa, kuliko jagi zima kwa mara moja litakalorudi. Mafanikio yake: anakojoa angalau mara nne kwa siku. Usitazamie mkojo uwe mweupe mapema.

## Hatua ya 6: Kupumzika na kula

Kupumzika si kufungiwa kitandani. Mwili wake ndio utakaopima. Atembee uani, aoge mwenyewe, akae kivulini. Asibebe mizigo, asilime, asicheze mpira, asifanye zamu ya usiku. Akichoka kwa kutembea hadi choo, arudi alale. Wengi huhitaji wiki mbili hadi sita kabla ya kazi nzito.

Kichefuchefu cha ini huwa kidogo asubuhi na huongezeka jioni. Kwa hiyo mlo mkubwa uwe wa asubuhi, kabla hajachoka: uji wa ulezi wenye maziwa, mayai, viazi, ndizi. Mchana kidogo, jioni supu au matunda. Hakuna haja ya kumnyima nyama wala mafuta yote. Mnyime tu vile vinavyomchefua. Nimeona watu wakondeshwa kwa wiki tatu za maji ya wali kwa sababu mtu alisema protini inachosha ini.

Usimwache alale na njaa. Ini lililoumia linashindwa kuhifadhi sukari, na sukari ikishuka usiku mtu huamka amechanganyikiwa na kutoka jasho. Ukimkuta hivyo na bado anameza vizuri, mpe maji ya sukari, kisha piga ile simu ya bajaji. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

## Hatua ya 7: Daftari la asubuhi

Kila asubuhi saa ileile mgonjwa aandike kwa mkono wake jina lake kamili, tarehe na siku ya wiki. Chini yake wewe andika joto, alichokula jana, mara alizokojoa, rangi ya choo.

Ini linapoanza kushindwa, mwandiko huharibika kabla mtu hajaanza kusema ovyo. Herufi zinapanda na kushuka, jina linakatika, anasahau mwezi. Linganisha na ukurasa wa kwanza. Kisha mwambie anyooshe mikono mbele, viganja kama anayesimamisha gari, kwa sekunde 15. Ikianguka na kurudi kama mabawa ya ndege, usisubiri daladala.

Kama hajui kuandika, achore nyota au nyumba ileile kila siku.

Dalili ya kwanza ya nafuu haitaonekana machoni. Ni hamu ya kula. Fundi siku ya tatu baada ya kuacha vidonge vyake aliomba ugali na dagaa, na macho yake siku hiyo yalikuwa ya manjano kuliko alipofika. Mkewe alinipigia simu akiwa na hofu. Nikamwambia ampikie. Manjano huchelewa kufuata, na yanaweza kuongezeka kwa wiki moja hivi hata ini likiwa linapona.

## Hatua ya 8: Walio nyumbani

Mpaka ijulikane ni virusi gani, chukua tahadhari za pande zote. Kwa A na E: sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, maji yachemke kweli, mgonjwa asipikie wengine. Kwa A, wiki mbili kabla ya manjano na wiki ya kwanza ya manjano ndizo za kuambukiza zaidi.

Kwa B na C ni damu na kujamiiana: wembe wake, mswaki wake, mashine ya kunyolea na sindano visiguswe na mwingine, na kondomu itumike. Kula sahani moja, kupeana mikono na kumkumbatia haviambukizi B. Msimtengee kikombe kama mwenye laana.

Mwenza na watoto wapimwe HBsAg. Walio hasi na hawajachanjwa wachanjwe: dozi ya leo, ya mwezi mmoja, na ya miezi sita. Mwanamke mwenye B aliye mjamzito aseme mapema kliniki, ili mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

## Hatua ya 9: Kurudi kwa vipimo

Wiki ya kwanza rudia INR na bilirubini, mara mbili kama ataweza. Zikishuka, baada ya wiki mbili, kisha mwezi. Manjano yakizidi wiki sita bila kupungua, au uzito ukiendelea kushuka, aombe altrasaundi na rufaa, maana huenda si virusi.

Mwenye B arudie HBsAg baada ya miezi sita. Zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima wenye afya wanaoambukizwa ukubwani huviondoa wenyewe. Ikibaki chanya, ni ya kudumu, na anaandikishwa kliniki kuangaliwa kama anahitaji dawa.

Fundi alirudi gerejini wiki ya saba, kwanza kazi za waya tu, injini akawaachia vijana. Mkewe alikutwa hasi akachanjwa dozi zote tatu. Mwezi wa sita alikuja na daftari lake kwapani, HBsAg ikasoma hasi. Akauliza kama sasa anaweza kuvuta sigara.